"Sh" ya Taveta ni ya nani?

Ndugu zangu waandishi wa programu, leo nina dukuduku nanyi. Nimeona programu kadhaa zinazosoma picha ya fomu ya forodha na kuigeuza kuwa rekodi: bidhaa, uzito, thamani, sarafu. Karibu zote zina mstari mmoja unaonikera: sarafu isiposomeka, jaza KES.

Haya, twende Taveta. Ng'ambo ya pili ni Holili, Tanzania. Tuseme lori la vitunguu limevuka kuelekea Voi, na mwenye mzigo amepiga picha fomu yake kwa simu. Imeandikwa kwa mkono: magunia 30, kilo 3,000, Sh 3,600,000. Hiyo "Sh" ni ya nani? Pande zote mbili za mpaka wanaandika hivyo hivyo.

Piga hesabu. Kila kilo ni Sh 1,200. Shilingi moja ya Kenya ni takriban 20 za Tanzania, kwa hiyo kama ni za Tanzania, kilo ni kama 60 za kwetu, bei ya kuaminika. Kama ni za Kenya, vitunguu hivyo vimekuwa dhahabu! Tena cheti rahisi cha uasilia cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni cha mzigo usiozidi dola 2,000. Kwa shilingi za Tanzania, mzigo huu uko chini ya kiwango hicho. Kwa za Kenya, unapita dola 25,000. Programu yako imemnyima mama wa sokoni cheti anachostahili, na hakuna aliyejua.

Mtaniambia: basi programu ipime bei, kisha ichague sarafu inayoelekea. La hasha! Thamani ndiyo hasa forodha inayotaka kuikagua. Huenda sifuri moja imezidi, huenda koma imesomwa kama nukta, huenda mtu ametaja bei ya uongo. Ukichagua sarafu ili bei ipendeze, umefuta dalili ya kosa kwa mkono wako mwenyewe. Bei ya kilo itumike kushuku, isitumike kuamua.

Rekodi ya kweli ni hii:

```json
{
  "bidhaa": "vitunguu",
  "magunia": 30,
  "uzito_kg": 3000,
  "thamani": 3600000,
  "sarafu": null,
  "ilivyoandikwa": "Sh 3,600,000",
  "hali": "ikaguliwe"
}
```

Tazama `ilivyoandikwa`: maandishi yanabaki kama yalivyo, ili mkaguzi ayalinganishe na picha. Na `null` haimaanishi programu imeshindwa. Inamaanisha fomu haikusema, basi aulizwe mwenye mzigo. Swali hilo ni la nusu dakika. KES ya kubuni itasafiri na rekodi hadi kwenye jumla za mwezi, na huko hakuna atakayekumbuka ilitoka wapi.

Futeni mstari huo, jamani.