Majina Mawili, Kaburi Moja

Hadithi tunayowaletea wasomaji wetu wiki hii ni ya kubuni, ila mshairi anayetajwa ndani yake aliishi kweli, na vitabu vinavyotajwa vilichapishwa kweli.

Palikuwa na mwalimu mmoja wa Kayanga, wilayani Karagwe, mwanamke mtulivu, aliyejipa kazi ya kufasiri tenzi za Kiswahili kwa Kinyambo ili wazee wa kwao wapate kusomewa jioni. Mbele yake alikuwa na maandiko mawili. La kwanza lilikuwa kitabu kilichochapwa, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, unaosimulia jinsi watu wa pwani walivyopambana na Wajerumani katika siku za Abushiri bin Salim. Mtunzi wake ametajwa kwa nasaba ndefu: Hemedi bin Abdallah bin Said bin Abdallah bin Masudi el-Buhriy. La pili lilikuwa nakala iliyochakaa, isiyo na jalada, ya Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani, kisa cha zama za Mtume (s.a.w.). Juu ya nakala hiyo mtu asiyejulikana alikuwa ameandika kwa kalamu: "Hemed Abdallah, Buhuri."

Mwalimu hakusita kuwahesabu kuwa watu wawili. Mmoja alimwona ni mtu wa vita na habari za nchi, na wa pili mtu wa dini na visa vya kale. Kila alipokuwa akiendelea kufasiri, alikuta mazoea yaleyale ya usemi katika tenzi zote mbili: namna moja ya kuwaita wapiganaji, na namna moja ya kuingiza maneno ya Kiarabu. Hapo akaandika katika dibaji yake kwamba Hemedi, mtunzi wa vita, alimwiga Buhuri pasipo kumtaja. Dibaji ikawa tayari kupelekwa kwa mpiga chapa.

Ijumaa moja alipita Omurushaka akashika njia ya Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, kumjulia hali mjomba wake, mwalimu wa madrasa aliyestaafu. Baada ya salamu na chai alimsomea dibaji ile. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Mwanangu, huyu uliyemwita mwizi, umejuaje kwamba si yeye mwenyewe mwenye mali?"

"Mjomba, majina hayafanani. Huyu ni Hemedi el-Buhriy, yule ni Hemed Buhuri."

"Spika, yule Mwingereza aliyefika hapa Karagwe mwaka 1861, aliandika Rumanika. Sisi twasema Rumanyika. Baba yake akamwandika Dagara, nasi twamjua Ndagara. Je, Karagwe ilikuwa na wafalme wanne?"

Mwalimu alicheka, lakini maneno yale yalimchoma. Mzee akamwambia aziache herufi za Kizungu na arudi kwenye herufi ambazo washairi wa pwani wa wakati ule waliandikia, yaani za Kiarabu. Akachukua ubao wa madrasa na kuandika ha, mim, dali. Pasipo irabu, alisema, herufi hizo tatu mtu aweza kuzisoma Hamad, Hamdi, Hemed au Hemedi. Hata irabu zikiwekwa, shaka haiishi, kwa maana Kiarabu kina alama tatu tu za irabu fupi ilhali Kiswahili kina sauti tano. Kasra moja huenda ikabeba e na i, na dhamma moja ikabeba o na u. Kisha akaandika ba, ha, ra, ya. Anayejua ukoo atasoma Buhriy. Asiyeujua huenda akasoma Bahriy, akadhani ni mtu wa bahari, na kosa hilo likapendeza kwa kuwa mshairi ni wa pwani. Na mwenye ulimi wa Kiswahili, asiyependa kukutanisha h na r, atatia u katikati apate Buhuri.

"Basi ni mtu mmoja!" alisema mwalimu.

"Bado," mzee alijibu. "Mpaka hapa tumeonyesha kwamba yawezekana. Hatujathibitisha."

Wasomaji wetu wapatilize hapa, maana ndipo wengi hupotea. Herufi zinazolingana hazitoshi, kwa kuwa katika koo zetu majina hurudi. Tazameni nasaba ile: Abdallah yumo mara mbili, baba wa mshairi na baba wa babu yake. Mtu akikuta "Abdallah el-Buhriy" peke yake, hawezi kujua ni yupi kati yao. Vilevile, mwenye kupanga vitabu akimweka mmoja chini ya "Abdallah" na mwingine chini ya "Hemedi", mtu mmoja atakuwa wawili. Na akilichukua jina la Ali Hemedi kuwa ni Hemedi, baba na mwana watakuwa mmoja.

Ushahidi ulitoka katika kabati la mzee. Alitoa vitabu viwili vidogo ambavyo kwa miaka mingi vilitumiwa katika mashauri ya ndoa na urithi. Kimoja ni Mirathi, kilichofasiriwa kwa Kiingereza na Mitchell. Cha pili ni Nikahi, kilichofasiriwa na J.W.T. Allen na kuchapwa mwaka 1959. Vyote viwili ni vya Sheikh Ali bin Hemedi, kadhi mashuhuri wa Tanga, na hakuna anayebishana kwamba mwandishi wake ni mmoja. Hata hivyo, Mirathi imemwandika el-Buhuri, na Nikahi imemwandika el-Buhriy.

Mwalimu aliweka vitabu hivyo sambamba na kimya kikapita. Ikiwa Buhuri na Buhriy ni nisba moja kwa mtu asiye na shaka, basi haiwezi kutumiwa kuwatenga watu wawili wenye shaka. Tena Sheikh Ali huyo ni mtoto wa mshairi Hemedi. Aliporudi Kayanga alitafuta chapa kamili ya utenzi wa pili, ile ya mwaka 1961, yenye tafsiri ya Kiingereza ya Roland Allen na maelezo ya mwanawe, J.W.T. Allen, yuleyule aliyeufasiri utenzi wa vita. Jina la mtunzi lilikuwa Hemed Abdallah el-Buhriy. Jina, baba, nisba, mji wa Tanga, na mikono iliyohifadhi kazi zake, vyote vilikutana kwa mtu mmoja.

Usiku ule alifuta dibaji. Alikuwa karibu kumzulia marehemu kwamba aliiba maneno yake mwenyewe. Katika dibaji mpya alichagua mwandiko mmoja, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, akautumia kote, na chini yake akataja miandiko mingine ili atakayekutana nayo asipotee. Majina ya vitabu aliyaacha kama yalivyochapwa. Kisha akarudi kwenye tafsiri yenyewe, kwa kuwa maneno yaleyale alikuwa ameyafasiri kwa namna mbili, kana kwamba yalitoka vinywani mwa watu wawili. Kazi hiyo ilimchukua muda mrefu kuliko dibaji.

Mzee wa Nkwenda aliposomewa dibaji mpya aliuliza jambo moja tu: kama ile nakala yenye maandishi ya kalamu imetupwa. Mwalimu akajibu kwamba ameihifadhi, na neno "Buhuri" halikufutwa.

Wabillahi tawfiq.