Nywele nitazihariri, uso nitauacha

Siku hizi fundi wa wigi humtengenezea mteja picha ya mfano kabla hajashona: anampiga picha, anampachika wigi kwenye simu, kisha anamuuliza, "Unaionaje?" Kwa anayetaka kubadilisha mtindo tu, haina neno. Kwa aliyepoteza nywele kwa dawa za saratani, rai yangu ni kuwa fundi ahariri nywele peke yake. Uso asiuguse.

Chukueni mteja wangu mmoja, bi harusi, aliyekuwa amemaliza kemo Dar na harusi yake imebakia wiki 5. Nywele zilimtoka kiasi cha wiki ya tatu baada ya dozi ya kwanza, kama inavyowatokea wengi, na nyusi zikafuata. Mpya zilishaanza kuchipua, laini kama za kitoto, lakini nywele huota kama sentimita 1 tu kwa mwezi. Alitaka wigi la ukumbini, kwa wanawake watupu, na la nywele za bandia, kwa sababu sheikh wao ndiye aliyemwelekeza hivyo. (Kwenye madhehebu yetu ya Shafi nywele za binadamu zimekatazwa, na hata za bandia zina masharti na khitilafu. Muulize mwanachuoni wako kabla hujaniletea pesa.)

Nilimpiga picha karibu na dirisha, simu ikiwa sawa na macho yake, nami nimesimama hatua mbili nyuma. Ukiisogeza simu karibu, pua inakua na masikio yanarudi nyuma, na wigi utakalolipachika hapo litakudanganya. Vile vichujio vya urembo nilivizima vyote.

Kisha mstari wa nywele. Kichwa kikiwa kitupu paji halionekani linaishia wapi, na fundi asiyejua huushusha mstari mpaka karibu na nyusi, mtu akaonekana kavaa kofia. Weka vidole vinne vilivyolala juu ya pale nyusi zinapoanza. Hapo ndipo mstari wa wengi. Kama nyusi hazipo, papasa mfupa wake, uanzie hapo. Nilimwekea alama ya wanja kabla ya kupiga picha.

Kichwa chake kilipimwa sentimita 53, na sanamu niliyopigia picha wigi ni ya 56. Kwa hiyo kwenye simu nilipunguza sehemu ya kofia, kutoka kwenye mstari wa nywele mpaka kisogoni, kiasi cha asilimia 5. Urefu wa nywele sikuugusa. Ukilipunguza wigi zima, nywele zitaonekana fupi kuliko zilivyo, na siku ya kuvaa ni ugomvi. Nikapunguza na wingi, maana wigi la dukani huwa limejazwa kupita nywele za kawaida, na juu ya uso uliokonda linaonekana zito.

Hapo mama yake mdogo akasema, "Mjaze na mashavu kidogo, mwanangu, na nyusi umrudishie. Afurahi."

Namuelewa. Lakini ile picha ndiyo mkataba wetu. Mimi nashona nywele. Mashavu sina uzi wa kuyashonea. Nikimjaza uso kwenye simu, ataipenda picha kwa ajili ya uso, na siku ya harusi wigi litafika salama na uso ule hautafika. Nani atalaumiwa? Wigi. Au vibaya zaidi, atajilaumu mwenyewe mbele ya kioo, na wageni wanamsubiri.

Nilimwambia, "Shikamoo mama, nyusi tutazipata, ila si kwa simu." Nikamchora kwa penseli, vinyweleo kimoja kimoja, nikampiga picha upya. Zile zingekuwepo siku yenyewe. Yeye akaitazama muda mrefu, akasema, "Huyu ni mimi, dada. Nimekonda, lakini ni mimi." Akaomba nywele ziwe fupi zaidi, zifike mabegani, kitu ambacho asingekiona kama uso ungekuwa wa mtu mwingine.

Jambo jengine ni amana. Ile ni picha ya kichwa cha mwanamke kikiwa wazi. Kabla ya kupiga, zima simu isijihifadhi picha mtandaoni yenyewe. Mwoneshe mkononi, usimtumie kwenye kundi la familia. Mkishakubaliana, ifute, kisha uingie kwenye pipa la vilivyofutwa uifute tena, kwa sababu simu nyingi huziweka huko siku 30 au zaidi. Fundi akikuomba aiweke kwenye ukurasa wake kama tangazo la kabla na baada, kataa, hata akikupunguzia bei.

Wigi nilimjaribisha wiki moja kabla ya harusi, nikalitia ndani kitambaa cha pamba, maana ngozi ya kichwa baada ya kemo huwasha upesi. Nikamuonya asilisogeze kwenye mvuke wa sufuria, nywele za bandia hujikunja zikaungua. Pembeni ya sikio la kushoto lilikuwa limelegea kidogo. Nikalibana mishono miwili, akaondoka nalo.