Ukungu wa Kuficha Sura Usiwe wa Kujidanganya

Mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, video zilizopigwa chini ya utawala uliotangulia hazikufutika, na zinazopigwa leo katika vichochoro vya Murara zitabaki hata mamlaka yakibadilika tena. Mama anayelalamika mbele ya kamera hawezi kujua nani ataitazama video hiyo mwakani. Anayeirusha hewani ndiye anayepaswa kulifikiria hilo kwa niaba yake.

Wapo wanaosema kuziba sura ni kuua ushahidi, na hoja yao si nyepesi. Askari walipowaua zaidi ya watu 50 mjini Goma Agosti 30, 2023, video ya miili ikirushwa ndani ya lori ilisaidia kuifanya dunia isigeuze uso. Lakini aliyeonekana pale akitumia silaha ya dola hakustahili kufichwa. Mpita njia, shahidi na dereva wa pikipiki wanastahili, na mhariri asiyeona tofauti hiyo hajaanza kazi yake.

Akiamua kuficha, afiche kweli. Ukungu unaoufuata uso hubuni mahali uso ulipo katika kila fremu. Chukua video ya sekunde 12 yenye fremu 25 kwa sekunde: ni fremu 300. Shahidi akipita nyuma ya chukudu iliyobeba magogo, ukungu hubaki umeng'ang'ania magogo, naye hutokea upande wa pili uso wazi kwa fremu nne au tano. Jicho la mtazamaji huenda lisizitambue. Anayemtafuta husimamisha picha hapo hapo, na moja inamtosha. Kwa hiyo video ipitiwe fremu kwa fremu, hasa pale mtu anapogeuka au anapozibwa na kitu, na ukungu urekebishwe kwa mkono.

Plaki ya gari ni hatari zaidi. Herufi na tarakimu zake ni chache, hivyo mtu anaweza kuzififisha zote kwa namna ile ile, kisha akalinganisha hadi apate zinazofanana. Hata sura hazikusalimika: mwaka 2016 watafiti nchini Marekani walionyesha kuwa kompyuta iliyofunzwa inaweza kumtambua mtu nyuma ya ukungu wa kawaida. Plaki, na sura ya mtu ambaye maisha yake yako hatarini, zizibwe kwa kisanduku cheusi kisichopitisha kitu.

Faili ya asili, yenye sura wazi, isibaki katika simu inayoweza kunyang'anywa kizuizini. Kanuni ya dijitali ya Kongo ya Machi 13, 2023 inalinda data za watu binafsi, na Katiba, katika ibara ya 31, inalinda maisha yao ya faragha. Mamlaka yoyote, ya Kinshasa au ya Goma, inayomlazimisha mwandishi kukabidhi faili hiyo ili imjue aliyezungumza, inavunja ulinzi huo, na mwandishi ana wajibu wa kukataa.