Kiinua mgongo si msaada, acha kuandika barua kama unaomba

Wasee, kuna beshte yangu alimaliza mkataba wa miaka 3 kwa ofisi moja ya umma. Barua yake ya kudai kiinua mgongo ilianza hivi: "Naomba kwa unyenyekevu mnifikirie." Wakufikirie nini, na ni doh yako?

Lakini kabla ukasirike kama mimi, fungua mkataba. Hapa Kenya hakuna sheria inayompa kila mtu wa kontrakti kiinua mgongo. Kinatoka kwa kile kipengele mlichosaini. Kama hakimo, na mwajiri alikuwa anakulipia NSSF, hata malipo ya utumishi ya Sheria ya Ajira ya 2007 hupati. Huo ndio ukweli, ata kama unauma.

Yeye kipengele alikuwa nacho: asilimia 31 ya mshahara wa msingi, ile rate ya kawaida serikalini. Sasa shida ikawa hesabu. Alikuwa anapokea 41,500 kwa mwezi, akapiga 31% ya hiyo yote mara miezi 36, akaandika 463,140. Mhasibu akairudisha. Ukiangalia slipu, mshahara wa msingi ni 30,000 tu, hiyo ingine ni marupurupu ya nyumba na nauli. Kwa hivyo ni 9,300 kwa mwezi, mara 36, inakuja 334,800 kabla ya makato. Na kama mshahara wa msingi ungepanda katikati, kila kipindi kingepigwa hesabu yake kivyake.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Nambari ya mkataba, tarehe ya kuanza na ya kuisha, kipengele kimenukuliwa neno kwa neno, hesabu iko wazi, halafu: "Nadai nilipwe Sh334,800, kutoa makato ya kisheria, ndani ya siku 30." Akaambatanisha nakala ya mkataba, slipu ya mwisho na ile fomu ya kuonyesha alirudisha vitu vya ofisi. Hiyo fomu usiidharau. Ukikosa kurudisha laptopu, hiyo ndiyo sababu ya kwanza utapewa.

Alibeba nakala mbili, moja ikapigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, akarudi nayo nyumbani. Bila huo muhuri watakuambia hawajawahi kuiona, na utabishana na nani?

Kitu kinaniudhi zaidi ni ile "ngoja bajeti ijayo." Unangoja, unapiga simu, unaambiwa mkubwa yuko mkutanoni. Saa nayo inatembea. Una miaka 3 kupeleka dai la mkataba wa kazi kortini, na barua za kukumbushana hazisimamishi hiyo saa. Siku 30 zikiisha kimya, chukua ile nakala yenye muhuri uende kwa afisa wa leba. Wakikaidi bado, kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Beshte yangu yuko siku ya 19. Ameshapigiwa simu moja, wanataka nambari ya akaunti.