STAA WETU, ACHA KUTUKANA WANAOULIZA "BADO IPO?" WAKATI KOSA LIPO KWENYE PEJI YAKO

Haya wadau wangu, wiki hii naona wote mmeiona ile video. Yule dada yetu wa bongo muvi (jina nalihifadhi, msinitafutie kesi) amekaa kwenye gari, miwani usoni, anawaporomoshea wateja wake wa magauni. Eti amechoka na "bado ipo, bado ipo", eti hamna macho, eti mwenye hela haulizi, analipa. Watu wakacheka, wakaweka vimoto, wengine wakaandika "waambie mama".

Mimi sikucheka. Nina sababu.

Binamu yangu yuko Morogoro. Mwezi uliopita aliona gauni la kijani kwenye peji hiyo hiyo, elfu arobaini na tano, la kuvaa kwenye send-off ya rafiki yake. Akafanya kile ambacho dada anasema ni ujinga, akauliza. Aliandika kwenye namba ya WhatsApp ya biashara saa nane usiku: "Habari dada, gauni la kijani bado ipo?" Jibu likaingia palepale, hata simu hajaiweka chini: "Habari mpendwa! Ndiyo, mzigo wetu bado upo. Lipia kwenye namba hii kisha tuma jina na mkoa." Akalipa asubuhi. Siku ya tatu anaambiwa gauni liliuzwa zamani, achague lingine. Hakutaka lingine. Pesa yake ilirudi elfu thelathini, baada ya wiki mbili za kubembeleza, na send-off alienda na gauni la kuazima.

Sasa niambieni, huyo hakuwa na macho? Aliuliza vizuri tu. Aliyemjibu ndiye hakuangalia stoo, kwa sababu aliyemjibu hakuwa mtu.

Ngoja nieleze, maana najua wengi hapa mnauza vitu mtandaoni na mnaweza kuwa mnafanya hivyo hivyo bila kujua. WhatsApp Business ina kitu kinaitwa "Greeting message". Ni salamu inayojituma yenyewe mtu akikuandikia mara ya kwanza, au akirudi baada ya siku 14 za kimya. Ni kitu kizuri kama umeandika salamu. Lakini staa wetu (au msichana anayemshikia simu) ameandika humo "ndiyo, mzigo bado upo". Yaani kila mgeni anayegonga hodi anaambiwa ipo, hata kama anaulizia gauni lililouzwa tangu Mwezi wa Ramadhani. Mashine haijui gauni. Mashine inajua kwamba kuna mtu mpya kaandika, basi.

Ukitaka kulijua jibu la namna hiyo ni rahisi. Linakuja sekunde ile ile, halitaji rangi wala saizi uliyouliza, na ukiandika tena dakika mbili baadaye linakuwa kimya. Hapo usilipe. Omba picha ya gauni hilo hilo ilivyo sasa hivi, limewekwa juu ya kitanda au limetundikwa mlangoni. Mwenye nalo atapiga ndani ya dakika tano.

Turudi kwenye povu la dada. Kwa nini watu wanauliza "bado ipo?" Kwa sababu mzigo wake ni mtumba wa daraja la kwanza, kipande kimoja kimoja. Sio kama sabuni, ikiisha inaletwa nyingine. Gauni la kijani likienda limeenda. Na kwenye peji yake picha ya gauni lililouzwa na picha ya gauni lililopo zinafanana kabisa, hakuna alama, hakuna neno. Posti za Januari na za juzi zimekaa pamoja kama abiria wa daladala. Mteja atajuaje? Asipouliza ni kichaa.

(Na kwa wale mnaosema Facebook ndo kuna maswali ya kijinga zaidi, kule Marketplace lile "Is this still available?" mara nyingi mteja hajaliandika. Limewekwa tayari pale, yeye anabonyeza tu. Msimlaumu.)

Dada, dawa unayo kwenye simu yako hiyo hiyo uliyorekodia video. Instagram inakuruhusu kubandika posti tatu juu kabisa ya peji. Unafungua posti, unabonyeza vidoti vitatu, unachagua "Pin to your main grid". Nimeenda kuangalia wewe umebandika nini. Moja ni keki ya bethidei, ya pili ni klipu ya muvi ya mwaka juzi, ya tatu uko bichi. Nafasi tatu za mbele za duka, zote umeweka sura yako! Halafu unashangaa watu wanauliza bidhaa.

Dada yangu mimi, wa tumbo moja, anauza magauni ya kuchambua Karume. Sio staa, wafuasi wake hawajai hata ukumbi wa harusi. Alikuwa analia kilio hicho hicho, mpaka tukakaa Jumamosi moja tukapanga. Alikuwa na magauni 24. Kila moja tukalipa namba, G1 mpaka G24, na namba tukaiandika juu ya picha yenyewe. Sio kwenye maelezo tu, kwenye picha. Sababu ni kwamba picha yako ikishapigwa skrinishoti na kutumwa kwenye grupu la kikoba, maelezo yanabaki nyuma, lakini namba inasafiri nayo. Mteja anakuja na "nataka G9", hakuna tena "lile la kijani lenye mkanda", maana ya kijani yalikuwa manne.

Kisha tukatengeneza posti moja ya orodha, tukaibandika juu. Maelezo yake mstari wa kwanza ni saa: "Imeangaliwa leo Jumamosi saa 2 usiku." Chini yake namba zilizopo tu. Likiuzwa gauni, namba inafutwa. Maelezo ya posti yanaharirika wakati wowote, huhitaji kufuta posti na kuanza upya.

Utaratibu wake ndo watu wanakosea. Pesa ikiingia, kabla hujaandika "asante mpendwa", kabla hujatafuta mfuko wa kufungia, unahariri orodha. Halafu unaenda kwenye posti ya gauni lenyewe, unaandika IMEUZWA mwanzo kabisa wa maelezo. Mwanzo, sio mwisho, kwa sababu Instagram inaonyesha mstari wa juu tu na mengine inayaficha. Na hii ya pili usiiruke, maana mtu anayeliona gauni kwenye simu ya shoga yake hapiti kwenye peji yako kuona ulichobandika. Anatua moja kwa moja kwenye gauni.

Sasa majibu ya kuhifadhi. Kwenye WhatsApp Business yanaitwa "Quick replies", yapo ndani ya "Business tools". Unaandika jibu mara moja, unalipa jina fupi, siku nyingine ukiandika alama ya / na hilo jina, jibu lote linakuja. Instagram nayo inayo kwenye akaunti ya biashara, "Saved replies". Tofauti yake na ile salamu ya kujituma ni kwamba hapa jibu halitoki mpaka mtu abonyeze. Linakusaidia kuandika, halikusaidii kujua.

Dada yangu anayo matatu, na yote yana nafasi wazi ya kujaza:

```
/ipo     Namba ___ ipo, nimeishika mkononi saa ___.
         Saizi ___. Ukilipa sasa ni yako.
/shikwa  Namba ___ imeshikwa na mteja mpaka saa ___.
         Asipolipa nakuandikia wewe kwanza.
/imeenda Pole, namba ___ imeuzwa.
         Zilizobaki zipo posti ya juu kabisa.
```

Ile nafasi wazi ndo ulinzi wenyewe. Ukiandika jibu lililokamilika, "ndiyo ipo karibu", kidole kitalituma hata ukiwa kwenye foleni ya Ubungo na stoo iko Tabata. Lakini jibu lenye shimo la namba na saa linakulazimisha uinuke ukaangalie. Siku ya kwanza dada alituma moja bila kujaza, mteja akapokea "Namba ___ ipo", wakacheka wote wawili, gauni likauzwa. Afadhali aibu hiyo kuliko ya elfu kumi na tano ya binamu yangu.

Hilo la /shikwa nalo lina kisa. "Nishikie dada, nalipa jioni" ndo ugonjwa wa biashara hii. Gauni halijauzwa na halipo. Zamani alikuwa anawajibu wengine "ipo", kisha yule wa jioni analeta pesa, vita. Sasa anaweka saa ya mwisho na kwenye orodha anaandika "G9 imeshikwa". Saa ikipita, anamwandikia wa pili. Hakuna kununiana.

Najua mtakuja na povu kwamba wateja wa Bongo hawasomi. Ni kweli wapo. Mpaka leo kuna watu wanaandika "bado ipo?" chini ya gauni lenye neno IMEUZWA. Sijasema maswali yataisha. Usiku ule wa magauni 24 bado waliuliza, ila wengi walikuja na namba, na kumjibu mtu aliyekuja na namba ni kazi ya sekunde kumi.

Na mtasema staa ana wasaidizi wawili, hawezi kuhariri mwenyewe. Hapo ndo pabaya zaidi jamani! Wasaidizi wawili, simu mbili, kila mmoja na kumbukumbu zake kichwani, ndo gauni moja linauzwa mara mbili, Morogoro na Mbezi. Wakiwa wawili orodha iwe moja, ile iliyobandikwa, na asiandike mtu "ipo" kabla hajaifungua. Kama hamuwezi hata hilo, basi mmoja ajibu na mwingine afunge mizigo.

Dada akirudisha ile elfu kumi na tano nitaandika hapa hapa, kwa herufi kubwa kama kichwa cha habari. Nimepita kwenye peji yake asubuhi hii kabla ya kuposti. Keki ya bethidei bado ipo juu. Gauni la kijani nalo bado lipo pale, halina neno lolote, na chini yake kuna mtu wa Tanga kauliza saa moja iliyopita kama bado ipo.

Povu ruksa.