Sare Inakuambia Kazi, Haikuambii Jina

Juzi tulipokea simu kutoka Busia. Mama mfanyabiashara, sauti bado inatetemeka, akasema: "Afisa wa forodha amenila elfu moja na mia tano." Tukamuuliza alijuaje ni afisa wa forodha. Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Si alikuwa amevaa?"

Jibu hilo limetukaa kichwani, na ndiyo sababu ya makala haya. Mpakani kila mtu amevaa kitu. Na wengi wetu, wakiwemo watu wa kitengo chetu cha malalamiko, tuna mazoea ya kuruka kutoka "amevaa kama" hadi "ni" bila kuona kwamba tumeruka. Maoni yetu ni kwamba mruko huo unawagharimu wateja pesa, na wakati mwingine unamchafulia jina mtu asiyehusika.

Turudi kwa mama. Alikuwa amenunua maharagwe upande wa Uganda, magunia sita, thamani yake kama shilingi 54,000 za Kenya, na alikuwa anavusha kuja kuuza sokoni upande wetu. Mwanamume akamsimamisha karibu na mahali mikokoteni inapopakuliwa. Shati jeupe lenye vipande vyeusi mabegani, suruali nyeusi, kitambulisho kinaning'inia shingoni kwa utepe. Akamwambia karatasi yake ina kasoro, lakini akilipa 1,500 kwa simu ataachiwa. Akampa namba. Mama akatuma. Meseji ilipoingia, jina la aliyepokea lilikuwa la mwanamke.

Sasa, alichoona mama ni nini hasa? Aliona shati jeupe lenye mabega meusi. Hiyo inaashiria kazi ya ulinzi wa utaratibu wa aina fulani: forodha, kampuni ya ulinzi, hata wafanyakazi wa yadi. Kitambulisho shingoni kinaashiria kwamba mtu huyo ameruhusiwa kuingia mahali fulani. Lakini kilikuwa kimegeuka, upande wa picha ukiwa kifuani, kwa hiyo mama hakuona hata jina la ofisi. Basi ushahidi wa nguo unaishia hapo. "Mtu aliyevaa kama mtumishi wa mpakani" ni kauli ya kweli. "Afisa wa forodha" ni dhana. Na kama angeona jina kifuani, tuseme Wafula, bado angekuwa na dhana tu. Busia ukiita Wafula sokoni, geuka uone ni vichwa vingapi vitainuka.

Ugumu wa Busia na Malaba ni kwamba sare za nchi mbili zinafanya kazi kwenye uwanja mmoja. Huu ni mpaka wa kituo kimoja. Kile cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda Februari 2018. Ukitoka Uganda kuja Kenya husimami mara mbili. Unapita moja kwa moja, unamalizia shughuli zote upande wa Kenya, ambako maofisa wa Uganda na wa Kenya wamekaa katika jengo moja. Ukienda Uganda ni vivyo hivyo, upande wa kule. Kwa hiyo kumwona mtu mwenye sare ya Uganda ndani ya eneo la kituo, kwenye ardhi ya Kenya, si jambo la kushtua. Yuko kazini. Lakini sare hiyo hiyo ukikutana nayo kwenye kichochoro nyuma ya maduka, mtu akidai malipo, maana yake imebadilika ingawa kitambaa ni kile kile. Mahali ni sehemu ya kusoma sare, na watu wengi husahau.

Rangi nazo zinadanganya. Kaki upande wa Uganda ni rangi ya polisi wa kazi za kawaida. Upande wa Kenya, mzee akipita na kaki unafikiria chifu. Nyeupe mwili mzima, Uganda, ni trafiki. Kwetu trafiki unamtambua zaidi kwa kofia nyeupe. Na polisi wa Kenya walibadilishiwa sare Septemba 2018, ikaja ile ya buluu iliyokolea, lakini nguo za zamani hazikuyeyuka siku hiyo. Mtu aliyekulia Kampala na aliyekulia Kisumu wanaweza kumtazama mtu mmoja wakasoma kazi mbili tofauti, na kila mmoja akaapa kwamba ameona vizuri.

Cheo nacho kinasomwa hivyo hivyo, kwa tahadhari. Katika polisi wa Kenya, konstebo hana alama ya cheo. Koplo ana V mbili mkononi, sajini V tatu. Nyota mabegani zinaanzia ngazi ya inspekta kupanda. Hii inasaidia kweli: ukiwa na malalamiko kizuizini, mwenye V tatu ana uwezekano mkubwa wa kuwa ndiye anayeongoza wale wengine. Lakini alama hizo zina maana ndani ya familia yake tu. Kampuni za ulinzi nazo zina makoplo na masajini wao, na V zao zinafanana na zile. Mlinzi wa lango la yadi mwenye V tatu ni mkubwa kwa walinzi wenzake. Kwa lori lako hana amri hata ya dakika moja nje ya lango hilo.

Malaba ndiyo usiseme. Kwenye foleni ya malori, kila mtu ana kizibao cha kung'aa: bodaboda, turniboi, vijana wa kliaringi, wauza chai, na polisi pia. Kizibao hicho kinasema jambo moja tu, kwamba mvaaji hataki kugongwa na lori. Tumewahi kusikia dereva akieleza kwa uhakika kabisa kwamba alilipa "mtu wa kaunti" kwa sababu ya kizibao. Chenyewe hakikuwa na maandishi yoyote mgongoni.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya watu wasiojua, wenyewe wa kazi hawawezi kudanganyika. Tunamkumbusha kisa cha Bonde la Ufa. Mwanzoni mwa 2013 nchi nzima ilimjua Joshua Waiganjo, aliyekamatwa na kushtakiwa kwa kujifanya kamishna msaidizi wa polisi. Madai yalikuwa kwamba alikuwa akitembea na sare na kuketi na wakubwa wa polisi. Hao ni watu ambao kazi yao ni kujua vyeo! Kama macho yao yalitosheka na mabega, mama mwenye magunia sita na jua la saa saba tumlaumu kwa lipi?

Sheria inajua udhaifu huu. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inamtaka polisi mwenye sare aonyeshe jina au namba yake ya utumishi mahali panapoonekana. Namba hiyo ndiyo ya kushika kichwani kuliko jina, kwa sababu majina yanafanana na namba haifanani na nyingine. Lakini hata namba, wewe mteja unaripoti kwamba uliiona kwenye nguo. Kuithibitisha ni ya nani ni kazi ya wenye daftari.

Hapo ndipo tunapotofautiana na baadhi ya wenzetu ofisini. Wao wanasema mteja aandike malalamiko kwa nguvu: "Afisa fulani, wa ofisi fulani, ameniibia." Ati ndiyo yatashughulikiwa haraka. Sisi tunaona kinyume. Malalamiko yakisema "afisa wa forodha Wafula", uchunguzi utaanza kwa Wafula wa forodha. Akipatikana alikuwa likizo, faili inafungwa, na aliyechukua pesa bado yuko pale pale kwenye mikokoteni. Yakisema "mwanamume, shati jeupe, mabega meusi, kitambulisho kimegeuzwa, karibu na mahali pa kupakulia, saa saba na robo, pesa zilienda namba hii", uchunguzi una milango mitano. Inawezekana kweli ni afisa. Inawezekana ni tapeli. Maelezo yale yanamkamata yeyote kati yao.

Na kwenye malipo, swali la maana si "huyu ni nani?" bali "malipo haya yanaenda wapi?" Hilo unaweza kulijibu bila kumtambua mtu yeyote. Malipo ya huduma za serikali ya Kenya kwa simu hupitia eCitizen, namba ya biashara 222222, na unapata kumbukumbu ya malipo. Hayaendi kwa namba ya simu ya mtu, hata awe na nyota mabega yote mawili. Isitoshe, maharagwe ya mama yule yalikuwa chini ya dola 2,000. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zikiwa kwenye orodha inayokubalika na chini ya kiwango hicho, hupewa cheti rahisi cha asili pale pale mpakani, na cheti chenyewe hakilipiwi. Kama karatasi ilikuwa na kasoro kweli, dawa ilikuwa kurudi dirishani. Kabla hujabonyeza kukubali, soma jina linalotokea kwenye skrini. Ofisi haiwezi kuitwa kwa jina la mtu na la babake.

Tukiri na letu. Kampuni yetu imegawa fulana na aproni nyingi mno. Ukipita mashamba ya Busia msimu wa palizi utaona nembo yetu ikipalilia mahindi, na hatuna shida na hilo. Shida ni kwamba kwa muda mrefu mabango yetu yalisema "tafuta wakala mwenye fulana yetu". Tuliwafundisha watu kuamini nguo! Mtu akivaa fulana hiyo, akaingia kwa kibanda akasema ametumwa kukagua laini na kuomba PIN, wakala anampa kwa sababu sisi wenyewe tulimwambia fulana ni dalili. Maoni yetu, na tumeyapeleka juu, ni kwamba sentensi hiyo itolewe kwenye kila bango. Wakala anatambulika kwa namba yake ya wakala na jina linalotokea kwa simu yako unapotoa pesa. PIN haiombwi na mtu yeyote, awe amevaa nini.

Kuhusu mama: pesa zilikuwa zimetolewa kwa wakala dakika kumi na moja baada ya kuingia, kwa hiyo hatukuweza kuzirudisha. Tuliandika upya maelezo yake pamoja naye kwa simu. Neno "afisa" likatoka, yakaingia shati, mabega, utepe, saa na namba. Laini iliyopokea imefungiwa, na maelezo hayo yako kwa polisi. Jina la yule mwanamume halimo, kwa sababu hakuna kati yetu anayelijua.