Mei Mosi na Septemba ya Wamarekani
Ajabu ni kwamba Mei Mosi ilizaliwa Marekani kwenyewe, kwani tarehe 1 Mei 1886 ndipo maelfu ya wafanyakazi walipogoma wakidai siku ya kazi ya saa nane, na siku tatu baadaye bomu likalipuka katika mkutano wao Chicago. Mwaka 1889 mkutano wa wanasoshalisti jijini Paris uliichagua tarehe hiyo kwa maandamano ya kimataifa. Marekani, hata hivyo, tayari ilikuwa na maandamano ya Septemba, yaliyoanza New York mwaka 1882, na Rais Cleveland, ambaye inasemekana hakutaka sikukuu yenye harufu ya usoshalisti, alitia saini Juni 1894 sheria iliyoithibitisha Jumatatu ya kwanza ya Septemba kuwa sikukuu ya wafanyakazi.